TT ya dola 6,400 kwenda Japani imerudishwa, nami nimepoteza shilingi 640,000 kwa kosa la karani

Ndugu wanajukwaa, mwezi uliopita nilimtumia muuzaji wa magari wa Yokohama dola 6,400 kutoka Dar es Salaam. Fomu niliijaza kwa herufi kubwa: jina kamili la kampuni, akaunti, tawi na namba ya ankara. Karani alipoingiza maelezo kwenye mfumo, jina refu la kampuni lilikatika kwenye herufi ya 35, ambapo mstari hujaa, naye hakuliendeleza kwenye mstari wa pili. Namba ya ankara aliiacha, akaandika "CAR" tu.

Benki ya New York iliyopitisha dola hizo iliuliza mpokeaji ni nani hasa na malipo ni ya nini. Swali hilo lililala kwenye benki yangu siku sita bila kujibiwa, wala hakuna aliyenipigia simu, ilhali ankara ilikuwa kwenye faili lao. Siku ya 11 fedha zilirudi zikiwa dola 6,350.

Kinachoniudhi zaidi si hizo dola 50. Dola nilizinunua kwao kwa shilingi 2,640, nao wakaniingizia marejesho kwenye akaunti ya shilingi kwa bei yao ya kununulia, 2,560, bila kuniuliza. Nilitoa 16,896,000, zimerudi 16,256,000. Sasa wananitaka nilipe ada ya kutuma upya!

Mama Ntilie wa Kariakoo: Pole kaka. Mimi nilituma kwa simu kwenye namba isiyo sahihi, nikarudishiwa siku hiyohiyo. Hukuwapigia huduma kwa wateja?

Dereva Mstaafu: Kama ulichagua OUR, yaani mtumaji abebe gharama zote, hakuna benki inayoruhusiwa kukata hata senti. Wadai hizo 50.

Karani wa Zamani: Mzee wangu hapo juu, OUR inahusu gharama za kwenda, malipo yakirudishwa, benki ya njiani kwa kawaida hukata ada yake kwenye kiasi kinachorudi. Ndugu mleta mada, omba nakala ya MT103, yaani ujumbe wa malipo ambao benki yako ilituma, na uilinganishe na fomu uliyosaini. Sehemu ya 59 ina jina la mpokeaji, na ya 70 ina maelezo ya malipo. Fomu ikiwa sahihi na ujumbe ukiwa na kasoro, kosa ni lao. Andika barua, udai na tofauti ya bei ya dola. Wakikupuuza, peleka lalamiko Benki Kuu. Ila kama jina lilikatika kwenye nakala yako ya fomu pia, hapo utapata shida.

Mleta mada: Nakala yangu ina jina zima. MT103 nimeiomba mara mbili; meneja anasema ni nyaraka ya ndani, ingawa swali la New York alinionyesha mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Muuzaji ameshikilia gari hadi Ijumaa.

Karani wa Zamani: Si ya ndani, ni uthibitisho wa malipo yako. Iombe kwa barua na wakugongee muhuri wa kupokea. Kuhusu bei ya dola, sijawahi kuona benki ikikubali bila kuvutana.