AMEIRUDISHA ILE SENTENSI! Halafu ananiambia "Kiswahili cha sokoni"

Kalamu_Nyekundu (mwenye uzi)

Mnamjua. Yule mwenye jimu, miwani ya jua hata usiku, mabango yake yana misuli kuliko wateja wake wote wakijumlishwa. Alitaka fomu ya ofa ya miezi 3 inyooshwe, iwe na upande wa Kiswahili kwa Wakongo na wanafunzi wa Kenya waliojaa Kansanga hapa Kampala. Nikainyoosha. Leo asubuhi imerudi, AMEIRUDISHA ILE SENTENSI niliyoifuta, na pembeni ya yangu kwa kalamu ya bluu: "Hiki ni Kiswahili cha sokoni."

Sentensi yenyewe hii hapa, isomeni mkiwa mmekaa:

> Uanachama utajihuisha kwa kipindi kingine kama hicho isipokuwa mwanachama awe amewasilisha notisi ya maandishi kwa uongozi siku zisizopungua 30 kabla ya ukomo, na malipo hayatarejeshwa kwa hali yoyote ile.

Hicho sasa ndicho Kiswahili cha ikulu. Kipigieni hesabu. Mtu kalipa 450,000 tarehe 1 Februari, kadi inaisha 30 Aprili. Notisi inatakiwa iwe imefika 31 Machi. Meseji ya kumkumbusha, mashine yao inaituma siku 7 kabla ya mwisho, yaani 23 Aprili. Mlango wa kutokea umefungwa siku 23 kabla hajaambiwa kwamba kuna mlango! Akirudi Juni kuulizia bei anaambiwa ana deni la 450,000 kwenye kitabu.

Mimi niliandika hivi:

> Kadi yako inaisha tarehe ____. Siku 14 kabla tutakutumia meseji yenye bei ya kipindi kipya. Ukitaka kuendelea, jibu NDIYO na ulipe. Usipojibu, kadi inaisha na hudaiwi kitu.

Mistari minne. Mama wa nyanya anaielewa. Kumbe ndilo kosa lenyewe. KISWAHILI CHA SOKONI!!

Mzigo_wa_Boda

Pole, lakini kumbe ni kweli ni cha sokoni 😂 Umeandika kama unauza mitumba Owino. Ungeweka hata "aidha" moja mzee wa watu alale vizuri.

Sina_Haraka

Tatizo lako ni "miezi 3". Andika "siku 90" na ugomvi umekwisha, hakuna wa kubishana na namba.

Mama_Vifungu

@Sina_Haraka nusu yake ni sawa, nusu nyingine itakuletea watu risepsheni. Februari hadi mwisho wa Aprili ni siku 89, kwa hiyo mteja huyo unampa siku ya bure na hatalalamika. Anayeanza 1 Mei akijua ana kadi mpaka 31 Julai, hiyo ni siku 92. Wewe unamfungia mlango 29 Julai, kabeba taulo na chupa yake ya maji. Ndiyo maana kwenye fomu ya mwenzetu kuna ile nafasi tupu. Tarehe ya mwisho inaandikwa kwa mkono pale pale mtu anapolipa, kwenye fomu na kwenye risiti, tarehe ile ile. Hakuna cha kuhesabu.

Kalamu, ugomvi wako wa kweli uko kwenye maneno sita ya mwisho, nawe umeyapita mbio. "Malipo hayatarejeshwa kwa hali yoyote ile." Uliweka nini mahali pake?

Kalamu_Nyekundu

Sikuyapita, nilikuwa bado nahema. Niliweka hesabu. Bei ya mwezi mmoja mmoja pale ni 180,000, ya miezi 3 ni 450,000. Anayejitoa katikati anakatwa miezi aliyotumia kwa bei ya mwezi mmoja mmoja, kinachobaki anarudishiwa. Na mfano nikauweka ndani ya fomu yenyewe: "Ukijitoa baada ya mwezi 1, unarudishiwa 270,000. Baada ya miezi 2, unarudishiwa 90,000." Ameufuta mfano. Kwa kalamu ile ile ya bluu.

Ntinda_Juu

Hapo umemwonea mteja. Kalipa 150,000 kwa mwezi, mkate 150,000, arudishiwe 300,000. Mbona unamkata 180?

Mama_Vifungu

Kwa sababu punguzo lilikuwa la kuahidi miezi 3. Ukimkata 150,000, kila mtu atanunua ofa ya miezi 3, atakaa mwezi mmoja na kuondoka, na bei ya mwezi mmoja itabaki pambo ukutani. Ila nakubali jambo moja: hesabu hii ni ya haki kama ile 180,000 ni bei inayolipwa kweli. Kuna wanaoandika bei ya mwezi 250,000 ambayo hakuna binadamu amewahi kulipa, ili 450,000 ionekane zawadi. Piga hesabu hiyo: baada ya miezi 2 mteja anakatwa 500,000, tayari "anadaiwa". Kwa hiyo ongeza mstari kwamba makato hayazidi alicholipa.

Sina_Haraka

Mnahangaika bure. Ukisaini umesaini. Sheria ndiyo hiyo.

Mama_Vifungu

Sheria ya Mikataba ya 2010 haisemi hivyo tu. Mkataba ukitaja kiasi cha adhabu kwa anayeuvunja, mlalamikaji anapata fidia inayostahili, na kile kiasi kilichotajwa ni dari, si lazima kilipwe chote. Na madai ya pesa yasiyozidi milioni 10 yana utaratibu wake wa madai madogo mahakamani, huhitaji wakili. Mwenye jimu akienda pale kudai 450,000 za mtu ambaye hakukanyaga mlango, ajiandae kueleza hasara yake ni ipi.

Sina_Haraka

Bado amesaini lakini.

Kabalagala_Finesi

Samahani, hiyo jimu ya 180,000 ina chumba cha stimu? Na wanaruhusu kulipa nusu nusu kwa simu?

Kalamu_Nyekundu

Ndugu yangu, huu ni uzi wa malalamiko. KISWAHILI CHA SOKONI, aliandika. Na chini yake akapiga mstari.

Kabalagala_Finesi

Sawa, lakini stimu ipo?

Nywele_na_Haki

Nyinyi wa jimu mna raha. Njooni saluni. Kifurushi cha misuko 5, unalipa mbele, "kitumike ndani ya miezi 3". Msuko mmoja unakaa wiki 6 kichwani! Mitano ni wiki 30, wao wanakupa kama 13. Hata ukienda kila unapofumua unaambulia mitatu tu, miwili inaoza kwenye kitabu chao. Sentensi ni fupi, Kiswahili safi, na bado ni wizi.

Mama_Vifungu

Huo mfano ni mzuri kuliko uzi wenyewe, samahani Kalamu. Hapo muda unapimwa kwa kichwa. Misuko 5 ipewe miezi 8, au waseme wazi kwamba kifurushi kinaweza kutumiwa na mtu mwingine, dada yako akamalizie.

Nywele_na_Haki

Nimewahi kuandika "kinaweza kutumiwa na mtu mwingine". Mwenye saluni akaongeza "mwenye urefu wa nywele unaolingana".

Mzigo_wa_Boda

😂😂😂 wanapima na rula?

Ntinda_Juu

Rasta bei gani siku hizi? Na uzi ni wao au unaleta wako?

Nywele_na_Haki

Usiniguse hapo kwenye uzi. Fomu inasema "vifaa vimejumuishwa". Pakiti ngapi? Haisemi. Pakiti mbili ni zao, ya tatu unaambiwa ukalipe ukiwa kichwa nusu.

Kalamu_Nyekundu

Hamjambo? Sentensi yangu?

Kabalagala_Finesi

Pakiti tatu kwa kichwa kimoja? Hicho ni kichwa au mlima Rwenzori?