Grafu zangu mbili za faida hazikubaliani. Ya juu inasema kabla ya 6, ya chini inasema baada ya 6

Binti wa Keko

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa biashara. Tumepewa zoezi la karakana ya vitanda. Kila kitanda kinauzwa Sh 300,000, hata vikitengenezwa vingi bei haishuki. Pango na mlinzi ni Sh 220,000 kwa wiki, hata kisipotengenezwa kitanda. Hesabu hizi ni za wiki moja, kwa maelfu. TC ni gharama jumla na TR ni mapato jumla:

```
Vitanda   TC     TR
0         220    0
1         560    300
2         820    600
3         1020   900
4         1200   1200
5         1420   1500
6         1710   1800
7         2090   2100
8         2590   2400
```

Juu nimechora TC na TR. Chini yake, kwa vipimo vilevile vya mhimili wa vitanda, nimechora MC, yaani gharama ya kitanda kimoja cha ziada, na MR, yaani mapato ya kitanda hicho. Mwalimu alisema nikishusha mstari wima kutoka pale TR inapoizidi TC kwa pengo pana kuliko kote, utaangukia pale MC inapokata MR. Wangu hauangukii hapo. Juu pengo pana liko kwenye 5.6 hivi, chini MC inakata MR kwenye 6.1. Halafu MC inaikata MR mara mbili: kuna nyingine kushoto, kwenye 1.5. Nifuate ipi?

Kijiwe cha Hesabu

Mdogo wangu, usihangaike na mistari minne. Gawa TC kwa idadi ya vitanda, utafute wastani mdogo kuliko yote. Vitanda 4 ni 300 kwa kimoja, 5 ni 284, 6 ni 285, na 7 inapanda hadi karibu 299. Gharama ya kitanda kimoja iko chini kabisa kwenye 5, basi faida kubwa ni 5. Jibu hilo.

Mwalimu Mstaafu

Kijiwe, wastani umeukokotoa sawasawa, ila unajibu swali lingine. Kwenye 5 faida ya kila kitanda ni 16, kwenye 6 ni 15. Zidisha sasa: 5 mara 16 ni 80, na 6 mara 15 ni 90. Kitanda cha sita kinaongeza gharama ya 290 na kinaleta 300. Mwenye karakana akikiacha kwa sababu wastani umepanda kidogo, anaiacha elfu kumi mezani. Pale wastani ulipo mdogo ndipo kila kitanda kinapotengenezwa kwa gharama nafuu zaidi, lakini faida jumla bado inaweza kukua mbele yake, mradi bei iko juu ya gharama ya kitanda kinachofuata.

Binti, kabla sijakujibu: hilo pengo la 5.6 umelipimaje? Wengi hulaza rula mshazari, wakapima njia fupi kutoka mstari hadi mstari. Faida husomwa wima tu, kwa shilingi, kwenye idadi ileile ya vitanda.

Binti wa Keko

Nimepima wima, mwalimu. Halafu nikasogeza seti skwea sambamba na mstari wa TR hadi ikagusa tu mkunjo wa TC. Imegusa kwenye 5.6.

Mwalimu Mstaafu

Vizuri sana, basi grafu ya juu ni sahihi. Kosa liko chini, na liko kwenye mahali ulipoweka nukta, hesabu zako hazina tatizo.

Ile 290 si gharama iliyopo kwenye 6. Ni gharama ya kutoka 5 kwenda 6, kwa hiyo nukta yake inakaa katikati, kwenye 5.5. Gharama ya kitanda cha saba, 380, inakaa kwenye 6.5. Naona wewe umeziweka kwenye 6 na 7, na mstari mzima wa MC ukasogea nusu kitanda kwenda kulia. Zirudishe zote nusu kushoto. Kutoka 290 kwenye 5.5 hadi 380 kwenye 6.5 mstari unapanda 90, na wewe unahitaji kupanda 10 tu ili ufike 300. Hiyo ni sehemu moja ya tisa ya njia: 5.61. Inakutana na ya juu.

Makutano ya kushoto nayo yatahama, kutoka 1.5 hadi 1. Angalia jedwali lako hapo: bila kitanda hasara ni 220, kitanda kimoja hasara 260, viwili hasara 220 tena. Hapo MC inaikata MR ikishuka, na ndipo hasara ilipo kubwa kuliko majirani wake wote wawili. Makutano unayoyataka ni yale ambayo MC inaikata MR ikipanda, kwa sababu kuanzia kitanda cha pili hadi hapo kila kitanda kiliongeza faida na baada yake kila kitanda kinaipunguza.

Mama Makochi

Samahanini jamani, mimi si mwanafunzi, natengeneza makochi. Mwenye nyumba amenipandishia pango, ukigawa ni kama 50,000 zaidi kila wiki. Kijana wangu anasema tuongeze makochi ili tuifidie. Hiyo mistari yenu inasemaje?

Mwalimu Mstaafu

Pole mama. Makochi yako siyajui, nitumie karakana ya binti. Pango likiongezeka 50, mkunjo wote wa TC unapanda juu 50 bila kubadili umbo. Pengo linapungua sawasawa kila mahali, kwa hiyo lililokuwa pana kuliko yote linabaki pale pale. Vitanda 6 vinaleta 40 badala ya 90. Wakikimbilia 7, watapata hasara ya 40, kwa sababu cha saba kinagharimu 380 na kinauzwa 300. Cha kumuuliza kijana wako ni hiki: kochi moja la ziada wiki hii, ukihesabu mbao, sponji, kitambaa na malipo ya fundi wa usiku, linagharimu kiasi gani, na mteja wake yupo kwa bei ileile?

Mama Makochi

Kwa bei ileile sidhani. La mwisho huwa nalitoa kwa punguzo.

Mwalimu Mstaafu

Basi kwako MR si mstari uliolala kama wa binti. Unashuka, na utaikuta MC mapema zaidi. Na kama lile punguzo linawafikia wateja wengine nao wakalidai, litoe kwenye makochi yote, si lile la mwisho peke yake.

Binti wa Keko

Nimechora upya. Mstari umeshuka moja kwa moja kwenye 5.6! Asante sana mwalimu. Sasa kwenye jibu niandike 5.6 au 6? Kitanda nusu hakiuziki.

Mwalimu Mstaafu

Andika 6. Jedwali linajua 5, 6 na 7, na kati yao 90 ndiyo kubwa. Mkunjo uliopita katikati umeuchora kwa mkono wako.

Fundi Seremala

Kwa heshima, mwalimu, hapo mimi nakataa. Kitanda kinachobaki nusu Jumamosi tunakimalizia Jumatatu. Vitanda 28 kwa wiki tano ni 5.6 kwa wiki, na karakana nyingi zinaenda hivyohivyo.

Mwalimu Mstaafu

Hoja yako ina uzito, fundi, ila zoezi limesema wiki moja, na gharama za kazi inayovuka wiki hazimo kwenye jedwali hilo. Binti, muulize aliyelitunga kabla ya kukusanya.