Bango linasema siku 10, mimi niko wiki ya 11. Pasipoti yangu iko wapi?

Wakuu, leo naongea. Mimi dereva wa roli, naishi Kibaigwa. Nilipata tajiri wa kupeleka mzigo Lubumbashi, kilichobaki ni pasipoti tu. Nikaenda ofisi moja ya uhamiaji huku kanda ya kati, bango la ukutani linasema siku 10 za kazi. Nikalipa, nikachukuliwa alama za vidole. Tangu hapo ni "subiri meseji". Yule dada wa dirishani hata kompyuta haiangalii, anajibu huku anamenya karanga. Jana tajiri gari kampa mwingine.

Nimeandika barua kurasa tatu: "YAH: UNYANYASAJI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Watumishi wako hawana utu..." Kesho naipeleka.

Mzabibu_Dom: Pole mkuu. Ungechukua hati ya dharura ukaondoka zako. Kongo si iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022?

Tingo_Mstaafu: Imeingia, ila utafikaje? Ukivuka Tunduma umekanyaga Zambia, nayo si mwanachama. Ulizia kwanza kama Nakonde wataikubali.

Mama_Wawili: Na mimi cheti cha kuzaliwa cha binti yangu wamekosea herufi, uhamiaji wanarekebisha siku gani?

Mzee_Masjala: Mama, vyeti vya kuzaliwa si kazi yao. Wewe dereva, nimekaa masjala miaka mingi. Kurasa tatu za matusi zinafungiwa kwenye jalada na hakuna wa kuzijibu. Andika nusu ukurasa: namba ya ombi, tarehe ya vidole, muda wa bango, kisha uulize jalada liko kwa nani na linasubiri nini. Toa nakala mbili. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, la sivyo wiki ijayo utaambiwa barua haijaonekana. Halafu, jina la NIDA na la cheti cha kuzaliwa yanafanana?

Mleta uzi: Cheti Athumani, NIDA wameandika Othman. Ni mtu mmoja huyohuyo jamani!

Mzee_Masjala: Wewe unajua, jalada halijui. Sikuhakikishii, ila majina yakipishana ombi huwekwa pembeni likisubiri maelezo, na hapo hakuna anayehesabu siku za bango. Kapate kiapo cha majina kwa wakili, ukiambatanishe na barua. Kutokukwambia mapema ni kosa lao, na hilo liandike.

Mzabibu_Dom: Siku 10 zinaanza siku uliyolipa, dai hapohapo.

Mzee_Masjala: Nionavyo zinaanza ombi likikamilika. Ndiyo maana waulize kwa maandishi.

Mleta uzi: Wiki 11 kwa sababu ya herufi, na mtu ananitafunia karanga! Haya, kesho kwa wakili kwanza. Zile kurasa tatu sizichani, lakini.