Madaktari wa meno, mfuko kubadilika rangi si ushahidi kwamba kifaa kimetakaswa

GegoLaMwisho (mwanzisha uzi):
Wakuu, leo nimechoka, nasema wazi.

Mgonjwa anakaa kwenye kiti, anachaniwa mfuko wa karatasi na plastiki mbele ya macho yake: kioo, kibano, kichokonoo. Roho inatulia. Halafu mkono wa daktari unakwenda pembeni na kuchomoa drili iliyokuwa inaning'inia kwenye kishikio, inafutwa na pamba ya spiriti, inaingia kinywani. Drili hiyo haikutoka kwenye mfuko wowote. Imetoka kwa mgonjwa aliyeshuka kitini sasa hivi.

Na drili ndiyo mbaya kuliko vyote. Ndani ya kichwa chake kuna gurudumu dogo linalozungushwa na hewa, pamoja na vijitundu vya maji. Ikisimama, inaweza kufyonza mate na damu kidogo kuingia ndani. Spiriti inapita nje tu, na mgonjwa anayefuata anapuliziwa kilichobaki kwenye jino lililokwisha kuchimbwa. CDC ya Marekani iliandika kwenye mwongozo wake wa 2003 kwamba drili itakaswe kwa joto kila baada ya mgonjwa. Miaka yote hiyo, bado tunapakwa spiriti.

Wanasema "zetu zinaingia kwenye otoklevu," ile mashine ya kupika vyombo kwa mvuke wa presha. Haya, tupige hesabu. Chukua kliniki yenye drili 3, otoklevu 1 na wagonjwa 25 wa kuchimba kwa siku ya saa 8. Kumaliza na mgonjwa, dakika 20. Kuipitisha maji, kuiosha nje, kuipulizia mafuta na kuifunga kwenye mfuko, dakika 10. Mzunguko mzima wa mashine, kuanzia kupasha moto hadi kukausha, weka dakika 50. Kupoa, 15. Hiyo ni dakika 95 kwa kila drili, kwa hiyo ndani ya dakika 480 inazunguka mara 5. Drili 3 mara 5 ni wagonjwa 15. Na hapo nimewapendelea, maana nimejifanya kila drili ina mashine yake. Wale 10 waliobaki walichimbwa na nini?

NesiWaZamu:
Hesabu iko sawa. Mimi naongeza kinachoniudhi zaidi: ile alama inayobadilika rangi kwenye mfuko. Watu wanaitegemea kama muhuri wa mahakama. Alama ya nje inasema mfuko umepita kwenye joto na mvuke, basi. Haisemi umekaa muda gani.

Mfano umeme. Mashine imepanda hadi nyuzi 134, inatakiwa ishikilie hapo walau dakika 3, umeme unakata baada ya dakika 1. Ukifungua mlango, mifuko mingi tayari ina alama ya kahawia. Mtu mwenye haraka anaipanga kabatini. Wengine umeme ukirudi wanawasha "wamalizie dakika zilizobaki." Hakuna kumalizia! Mzunguko uliokatika ni sifuri, unaanza upya, na mifuko unabadilisha kwa sababu rangi imeshatumika na haiwezi kukuambia kitu tena.

Mifuko ikitoka na unyevu nayo usiipokee. Karatasi iliyolowa inapitisha vijidudu kutoka kwenye vidole na meza hadi ndani. Mara nyingi sababu ni kujaza trei kupita kiasi, mfuko juu ya mfuko, au mtu kukatisha hatua ya kukausha kwa vile mgonjwa ananung'unika huko nje.

Babu_Chemsha:
Mnatisha watu bure. Enzi zetu vyombo vililowekwa kwenye jiki, vikachemshwa dakika 20, na watu wakapona. UKIMWI haustahimili maji yanayochemka.

NesiWaZamu:
Shikamoo babu. Kwa virusi vya UKIMWI uko sahihi kabisa, hata vya homa ya ini B vinakufa kwa kuchemsha vizuri. Zinazobaki ni spora, yaani bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu, kama za pepopunda. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 na hayapandi zaidi hata uongeze mkaa, ndiyo maana mvuke unafungiwa kwenye presha ili ufike 121 au 134.

Jiki nayo inakula chuma. Kibano kikishapata vidoti vya kutu, uchafu unajificha humo humo. Siku hizi haishauriwi kuloweka kwenye klorini kabla ya kuosha. Lowesha kwa maji yenye sabuni maalumu ili damu isikauke, kisha sugua kwa brashi vyombo vikiwa chini ya maji, siyo juu, matone yasikurukie. Damu iliyogandia ikipikwa kwenye otoklevu inakuwa gamba, na chini ya gamba mvuke haufiki.

Dada_Kimara:
Samahani kuingilia. Mimi nimeng'olewa gego Jumatatu, leo shavu limevimba na mdomo unanuka. Ina maana vyombo vyao vilikuwa vichafu? Niwashtaki?

GegoLaMwisho:
Pole sana dada. Kwa hilo peke yake huwezi kujua. Kidonda cha jino kinaweza kuvimba hata kama vyombo vilikuwa safi, kinywa chenyewe kimejaa bakteria. Rudi uangaliwe leo, na ukiona homa au mdomo haufunguki usingoje kesho. Ya kushtaki yaache kwanza.

FundiVifaaTiba:
Nesi kaeleza vizuri ila kaacha hewa. Ninachokikuta mara nyingi ni mashine ya bei nafuu isiyo na pampu ya kunyonya hewa. Mvuke unaingia, hewa inasukumwa chini itoke. Kwa kioo na kibano kilicho wazi inafaa. Drili ina matundu membamba, hewa inabaki ndani, na pale penye hewa mvuke haugusi chuma. Skrini itaandika 134 na kila kitu kitaonekana safi, lakini ndani ya tundu hakujafikiwa. Drili inataka mashine ya daraja B, inayovuta hewa mara kadhaa kabla ya kupika.

Ukitaka ukweli, kuna kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria ambaye spora zake ni ngumu kuuawa kwa mvuke. Unakiweka katikati ya mzigo, pale mvuke unapopata shida kufika, kisha unakiatamisha kwenye joto pamoja na kingine ambacho hakikupikwa. Kile kisichopikwa lazima kioteshe, la sivyo kipimo chenyewe kimekufa. Kilichopikwa kikiotesha, mashine inasimama. Kifanywe kila wiki. Ukiingia kliniki omba daftari lake, uone sura zitakavyobadilika.

MwenyeKliniki:
Mnaongea kama pesa zinaokotwa. Daraja B ni ghali, drili 10 ni ghali, na mgonjwa huyo huyo analalamika kuziba jino ni bei kubwa. Nina mashine ya kawaida, nimejitahidi. Nifunge?

FundiVifaaTiba:
Usifunge, mkuu. Ongeza drili kwanza kabla ya mashine, na punguza miadi ya kuchimba iendane na idadi yake. Ila mashine yako ya kawaida haikuokoi kwenye drili, hapo sitakudanganya.

MwenyeKliniki:
Sasa nikae na drili zisizopikwa kabisa, au nizipike kwenye hii niliyonayo hadi nipate B?

NesiWaZamu:
Zipike, ni afadhali mara mia kuliko spiriti. Lakini usimwambie mgonjwa zimetakaswa.

GegoLaMwisho:
Nesi hapo sikubaliani nawe. Mgonjwa akishaona mfuko unachanwa, umeshamwambia.