Franchaizi ya juisi: asilimia ya mauzo, ada ya mwezi au faida ya rojo?

MamaUkwaju: Wadau, duka langu la Sinza linauza wastani wa glasi 120 kwa siku, kila glasi shilingi 3,000. Kwa siku 26 ni kama milioni 9.36. Watu watatu wameniomba wafungue kwa jina langu, mmoja yuko Dodoma. Ada ya kuingia nimeshaiamua, milioni 5. Ninapokwama ni malipo ya kila mwezi: (1) mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo, yaani 561,600 kwa duka kama la Sinza, (2) ada moja isiyobadilika, 450,000, (3) wasilipe kitu, ila rojo la matunda lililogandishwa wanunue kwangu tu, nami niweke faida ya 1,500 kwa kilo. Kilo moja inatoa glasi 8, hivyo ni kilo 390 kwa mwezi, faida 585,000. Mngechagua ipi?

Chuma_Tatu: Ya pili, dada. Hela yako unaijua, hugombani na mtu kuhusu hesabu.

Mpimaji: Ya pili ni nzuri mpaka masika yafike. Glasi zikishuka hadi 50 kwa siku, mauzo ni milioni 3.9, na ile 450,000 inakuwa zaidi ya asilimia 11. Hapo mtu hakuibii pesa, anaiba kwenye glasi: rojo linapungua, maji yanaongezeka, na mteja analaumu jina lako. Asilimia nayo ina ugonjwa wake, kwa sababu juisi inalipiwa taslimu na risiti ya EFD haitoki kila mara. Mimi ningechukua ya tatu, na vikombe vyenye nembo vitoke kwako pia. Vikombe na rojo vinasemezana. Mtu akimaliza vikombe 3,000 huku amenunua kilo 250 za rojo, hizo kilo zinatosha glasi 2,000. Elfu moja nyingine zimetoka wapi? Ama anazimua, ama ana matunda ya pembeni.

Kijana wa Mabibo: Mbona rahisi? Nunua kipima sukari kile cha kutazama kwa jicho, kile cha Brix. Dondosha tone, ukiona namba imeshuka, kuna maji.

Mpimaji: Nusu kweli, ndugu. Kipimo hicho kinasoma vitu vilivyoyeyuka, na kikubwa ni sukari. Akitia maji kisha vijiko viwili vya sukari, namba inarudi palepale na wewe unaondoka unatabasamu. Kitumie kwenye rojo likiwa bado kwenye mfuko. Juisi iliyotengenezwa pima kwa ulimi na kwa uzito wa rojo linaloingia kwenye blenda.

Shosti wa Tanga: Samahani, juisi ya parachichi mnaifanyaje isiwe nyeusi? Yangu ikifika jioni haiuziki.

MamaUkwaju: Ndimu, mwanangu, na usitengeneze ya kukaa. Turudi kwenye mada.

Baraka_Msa: Mimi ni mnunuzi, niko Mombasa. Nililipa ada ya kuingia kwa kampuni moja ya vyakula, nikapewa kibao cha nje na mafunzo ya siku mbili, mimi mwenyewe tu. Miezi minne baadaye wafanyakazi wote wawili wameondoka, na mimi sikujua kuwafundisha wapya. Kabla ya kuuliza atakulipaje, mama, sema utampa nini.

MamaUkwaju: Hilo limenichoma. Nilipanga siku tatu.

Mpimaji: Weka siku kumi Sinza, na waje watakaoshika blenda, siyo mwenye mtaji peke yake. Mtihani uwe mmoja: atengeneze glasi kumi za pesheni mfululizo, rojo la kila moja lipimwe kwenye mizani. Kipimo ni gramu 125. Ikipita gramu 10 juu au chini, anarudia. Kisha mtu wako akakae naye wiki ya kwanza ya kufungua. Na mkataba useme mfanyakazi mpya anafundishwa upya, kwa gharama ya nani.

Bi Forodhani: Jina umelisajili? Usajili wa BRELA ni wa Bara. Akitokea mtu wa Unguja, utasajili upya huku, kwa BPRA.

Chuma_Tatu: Bado sijakubali ya tatu. Rojo linahitaji friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika Dodoma usiku mzima, hasara ya nani?

Mpimaji: Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inahimili karibu siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Lakini rojo likiyeyuka kabisa njiani, kabla halijapokelewa, sijawahi kuona mkataba uliolimaliza bila ugomvi.

MamaUkwaju: Basi wawili wa Dar naanza nao kwa rojo na vikombe. Wa Dodoma nimemwambia asubiri. Kanuna.