Jamaa ya Katuba: ile tombola ya moto

Mama Neema: [foto]
Bandugu, jambo yenu. Muangalie hii afishi yenye iko ku duka moja, kwa ile njia ya soko. Tombola, tike dola 2, mutu anaweza kurudi nyumbani na moto mupya!! Niko na dola 20 ya masomo ya mwana, na masomo inalipwa mwisho wa mwezi, nilikuwa nawaza ninunue tike 10 leo. Munaona namna gani?

Trezo: mama nunua!! iyo moto niliiona asubui, iko mbele ya mulango, plastike bado iko ku kiti, nilisimama pale mpaka mulinzi akaniuliza niko natafuta nini

Yaya Kapya: Foto imekatwa chini, kuna maneno ya kidogokidogo haisomeke. Mimi naona moto 1, televizio 2, mifuko ya unga 20, bitenge 50. Juu wameandika "zawadi za dola 3000".

Papa Jo: Basi hesabu si nguvu. Zawadi zote ni 73. Chukua 3000 gawanya kwa 73, inatoka kama dola 41 kwa kila zawadi. Unatoa 2 unatafuta 41. Shemeji, kwa hesabu hii ni bei nzuri, hata mimi nitachukua.

Mwalimu: Papa Jo, kugawanya ni sawa, lakini umegawanya kwa kitu chenye hakiko chake. Dola 41 ni ya mutu mwenye amekwisha kushinda. Weye unanunua tike, hununue zawadi. Lazima tugawanye kwa tike, zenye zinashinda na zenye hazishinde, zote pamoja. Sasa tike ni ngapi? Nimeangalia afishi mara tatu, haikuandikwa. Hapo njo swali yote iko.

Papa Jo: Lakini zawadi wameandika wazi, na bei wameandika wazi.

Mwalimu: Ndiyo, na bila hesabu ya tike hivyo viwili havitoshi. Moto ile ile, tike dola 2 ile ile: wakiuza tike 500 ni mambo mengine, wakiuza 10000 ni mambo mengine kabisa.

Trezo: manseba ngoja, kuna kitabu cha tike ku meza, mu foto upande wa kuume, nimeikuza. Tike ya juu iko na namba 1731 kisha chini yake 2500

Mwalimu: Asante sana Trezo, umefanya kazi. Basi tuseme tike ni 2500. Yaya Kapya, weye uko mu soko kila siku, ile dola 3000 ni ya kweli? Nipatie bei yenye mutu analipa leo mu duka, si yenye afishi inasema.

Yaya Kapya: Televizio ya ukubwa ule ni 150, mbili inafanya 300. Unga mufuko wa kilo 25 tuseme 20, kwa mifuko 20 ni 400. Bitenge vile nilivigusa na mukono, si ya wax nzuri, ni ile yenye rangi inatoka ku maji ya kwanza, dola 8 basi. 50 inafanya 400. Moto najua mutu mwenye alinunua ya aina ile mwezi uliopita, 1200.

Mwalimu: 1200 na 300 na 400 na 400. Ni 2300. Haifike 3000, tayari 700 haiko.

Sasa muniangalie vizuri. Tuseme mutu mumoja tajiri anaingia ananunua tike zote, 2500. Analipa dola 5000. Hakuna bahati tena, anashinda kila kitu, moto, televizio, unga, bitenge, anapakia yote mu kamyo. Ukiuzisha ile kamyo ni dola 2300. Ametoa 5000 amepata 2300. Na kila tike yenye alinunua ilikuwa sawa na ingine, basi 2300 gawanya kwa 2500, kila tike imebeba senti 92. Umelipa dola 2, ndani kuna senti 92. Dola 1 na senti 8 inabaki kwa wenye duka.

Mama Neema: Eeh. Yaani hata mbele ya tiraji nusu imekwisha kwenda

Mwalimu: Zaidi ya nusu. Na hata tukikubali ile 3000 yao, tike inakuwa na dola 1 na senti 20. Bado.

Papa Jo: Nimeelewa ya kugawanya, nilikosa pale. Lakini kuna njia ingine. Zawadi 73 mu tike 2500, ni moja kwa kila 34. Basi nikinunua tike 34 ni dola 68, nina hakika ya kushinda kitu.

Mwalimu: Hakika haiko. Zawadi hazikupangwa moja kila tike 34, zinaweza kulala zote mbali na namba zako. Ukinunua 34, mu watu 100 wenye kufanya kama weye, karibu 36 wanarudi mikono mitupu na dola 68 imekwenda. Na wenye wanashinda, uangalie wanashinda nini: mu zawadi 73, 50 ni kitenge. Utatoa 68 kwa kitenge cha 8.

Papa Jo: 36 nilifikiri ni 0. Nitaihesabu mimi mwenyewe leo magaribi.

Mwalimu: Uihesabu. Anza na nafasi ya tike moja kukosa, 2427 juu ya 2500, kisha uizidishe yenyewe mara 34. Haiko sawasawa kabisa sababu tike ikitoka hairudi mu kitunga, lakini utafika karibu sana.

Nkambo (Trezo anaandika): Nkambo anasema: mimi sielewi mbona munalia juu ya makuta yenye itarudi. Mu likelemba yetu tulikuwa tunatoa kila juma, na zamu yangu ikifika napata yote. Na ku kanisa nilinunua tike moja nikashinda ndoo, niko nayo mpaka leo, njo ile ya maji ku mulango.

Yaya Kapya: Nkambo, likelemba ni tofauti. Mule kila mutu anapata zamu, dola zenye zinaingia njo zenye zinatoka. Watu 10 wakitoa 5, mumoja anapata 50. Huku zinaingia 5000 zinatoka 2300.

Nkambo (Trezo anaandika): Anasema basi ile ndoo ilikuwa likelemba ya Mungu. Anauliza tena kama mutu anaweza kuchagua namba, anataka 1947

Mwalimu: Nkambo, heshima yako. Anaweza kuchagua, na 1947 iko sawa na 0001, haipite wala haishindwe na namba ingine.

Yaya Kapya: Mimi niko na swali ingine. Wakikosa kuuza zote? Tike ya juu ilikuwa 1731. Kama wanauza kwa mupango basi wameuza 1730, 770 inabaki.

Mwalimu: Hiyo njo swali yenye ningetaka kila mutu aulize. Inategemea mu kitunga cha tiraji wanatia nini. Kama wanatia tu vile vipande vya tike zenye ziliuzwa, zawadi zote lazima ziende kwa wanunuzi, basi tunagawanya kwa zilizouzwa. Kwa 1730, tike inabeba dola 1 na senti 33. Wakiuza 1150 tu, ni dola 2 kamili, bei na thamani zinakuwa sawa, hapo mchezo hauibi mutu. Wakiuza 1000 ni dola 2 na senti 30, hapo mimi mwenyewe ningekimbia kununua!

Lakini kama wanatia namba zote 2500, hata zenye hazikuuzwa, na moto ikiangukia namba ya mu kitabu, moto inabaki mu duka. Hapo hata wakiuza tike 10 tu, kila moja inabaki senti 92. Afishi inasema nini chini?

Trezo: niko karibu, naenda kupiga foto ingine

Mama Neema: Na kama mbele ya tiraji wanaona wameuza kidogo, si watasongesha siku?

Mwalimu: Wanaweza, kama wameandika. Njo maana mutu hawezi kusema "wameuza kidogo basi ni nafasi yetu". Ile siku yenye ingekuwa nzuri kwako njo siku yenye wao hawataki.

Trezo: [foto]
nimeisoma: "Namba isiyouzwa ikitoka, zawadi ni ya waandaaji. Waandaaji wanaweza kubadilisha tarehe. Kartigrizi na plaki ya moto ni juu ya mshindi."

Yaya Kapya: Tatu zote juu ya mununuzi.

Mwalimu: Basi ni senti 92, na haipande. Tena inashuka kidogo, sababu moto ya 1200 yenye utalipia makaratasi haiko tena 1200 mu mukono wako.

Papa Jo: Lakini yaya Mwalimu, duka si kanisa. Amenunua zawadi, amechapisha tike, amelipa kijana wa kuuza. Lazima apate kitu. Mimi sioni kama ni wizi.

Mwalimu: Sikusema wizi. Namba wametia, masharti wametia, hata kama ni ya kidogokidogo. Mimi ningekubali kama wangeandika tike 2500 na herufi kubwa kama ile ya moto, na wangeacha ile ya namba zenye hazikuuzwa. Bei ya kuendesha mchezo naielewa. Lakini kubakisha 2700 mu 5000, kisha kuandika 3000 mahali pa 2300, mimi naona haiko haki kwa mutu wa Katuba mwenye anatoa dola 2 ya unga.

Papa Jo: Ile 3000 nakubali ni mubaya. Ile ingine bado siko na weye.

Yaya Kapya: Mimi pia inanisumbua. Tombola ya kununua mabati ya masomo inaweza kubakisha hata zaidi ya hapo, na tunanunua na roho moja.

Mwalimu: Ya mabati ile dola moja na zaidi ni mchango, na unajua inakwenda wapi. Lakini ni kweli, kwa hesabu peke yake haziachane.

Mama Neema: Mimi nauliza kwa zile tike 10 zangu tu. Inakuwa namna gani?

Mwalimu: Unatoa 20. Ndani kuna dola 9 na senti 20. Nafasi ya moto ni 1 mu 250. Na mu watu 100 wenye kununua 10 kama weye, 74 hawapate kitu chochote, hata kitenge.

Mama Neema: 74!! Na mimi nilifikiri na 10 nakosa moto lakini napata hata unga.

Sawa. Dola 20 nairudisha mu kile kikopo. Trezo, usimuambie mwana habari ya moto.

Trezo: alishaniona pale ku duka mama. Na nkambo amenipatia dola 2, anataka 1947, nifanye nini?

Mama Neema: Ni dola yake. Umunulie, na uombe wakuandikie ku tike tarehe ya tiraji.

Yaya Kapya: Na uulize kama kitunga kitafunguliwa mbele ya watu.