Mkanda wa jeshi umefika ncha ya pua, dawa isubiri daktari wa macho?

Wakuu, naomba ushauri. Mama ana mkanda wa jeshi kwenye paji la uso, upande wa kulia. Malengelenge yalianza jana, na leo limetokea moja kwenye ncha ya pua. Hilo ndilo linanitisha, maana neva inayofika hapo ndiyo inayoingia jichoni, na virusi vikishambulia konea inaweza kufa ganzi na kubaki na kovu. Jicho bado halijawa jekundu. Kaandikiwa asaiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku, ila ndugu wanataka tungoje daktari wa macho Jumatatu. Saa 72 tangu vipele vitoke si zitakuwa zimepita, virusi vimeshazaliana? Halafu figo zake ni dhaifu, dozi ipunguzwe?